Nilivyoitisha kikao cha kuanza mradi na kiwanda cha kahawa Moshi

Kampuni yetu ya programu iko Arusha, na mteja ni kiwanda cha kukoboa kahawa Moshi. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa: tutengeneze mfumo wa kupokea kahawa kutoka vyama vya msingi, ili kila loti ijulikane imetoka mashamba gani. Wanunuzi wa Ulaya wanalihitaji hilo kwa sababu ya kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, inayotaka shamba lionyeshwe lilipo kwenye ramani. Mimi nilipewa kazi ya kuitisha kikao cha kwanza.

Sikuanza na tarehe, nilianza na watu. Nilimpigia meneja wa kiwanda nikamuuliza maswali mawili: nani akisema ndiyo, jambo limepita? Na mfumo ukianza, ni kazi ya nani itakayobadilika kesho yake asubuhi? La kwanza alijibu palepale: yeye mwenyewe, ila kwenye malipo ni mhasibu mkuu. La pili lilimfanya anyamaze kidogo, kisha akasema, "Karani wa mizani." Kwenye orodha aliyokuwa amenitumia, karani hakuwemo.

Tukafika watu saba. Kwao: meneja, mhasibu mkuu, karani wa mizani na afisa anayeshughulika na vyama vya msingi. Kwetu: mkurugenzi, mtengenezaji programu na mimi. Mbele ya kila jina niliandika anakuja kufanya nini: kuamua, kueleza kazi ilivyo, au kutekeleza. Mtu niliyekosa cha kumwandikia nilipanga kumtumia muhtasari tu.

Tarehe ina ugumu wake kampuni zikiwa mbili, maana kalenda yao siioni na yetu hawaioni. Kuzungushiana barua pepe kunakula wiki. Nilichukua nafasi tatu ambazo wanaoamua kwetu wako huru, nikampigia katibu muhtasi wa kiwanda, tukachagua moja tukiwa bado kwenye simu. Tulikwepa siku za mnada, mwisho wa mwezi wanapofunga hesabu, na Ijumaa mchana. Tulikwepa pia msimu wenyewe: kahawa ikianza kushuka kutoka mlimani kuanzia Julai, karani haondoki kwenye mizani. Tukapata Jumanne moja ya Mei, na kwenye mwaliko nikaandika "saa 4:00 asubuhi (10:00)", kwa kuwa simu ya mtu itamwonyesha 10:00.

Malengo niliyaandika kama maamuzi. "Kujadili mfumo" hakumwambii mtu kikao kimefanikiwa au la. Niliandika matatu: tuamue tunaanza na mapokezi ya mizani au malipo ya wakulima, tuamue nani anapokea na kuidhinisha kila hatua, tuamue taarifa za wakulima zitatunzwa na nani. Hilo la tatu si la kuahirisha, kwani majina, simu na mahali pa mashamba vinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Cha kusoma kilikuwa kurasa mbili, nilizotuma Alhamisi iliyotangulia: ukurasa mmoja wa mipaka ya mradi kutoka kwenye mkataba, pamoja na yale ambayo hatutayafanya, wa pili mchoro wa safari ya gunia kutoka lori hadi ghalani. Mkataba mzima sikuutuma, watu hawausomi. Chini niliweka swali moja la kujibiwa kabla ya Jumatatu jioni: "Kwa kazi yako, tuanze na nini, na kwa nini?" Karani hatumii barua pepe ya ofisi, kwa hiyo nilimtumia kwa WhatsApp na katibu akamchapishia.

Swali hilo ndilo lililonionyesha tatizo mapema. Meneja alijibu mizani, mhasibu akajibu malipo. Nikampigia mhasibu. "Shikamoo mama, nimeona jibu lako." Akaitikia, akaeleza: wakulima wanalalamika malipo yanachelewa, na lawama zinamwangukia yeye. Nikamuuliza uzito anaolipia anautoa wapi. "Kwenye daftari la mizani," akasema. Nilimwomba wazungumze na meneja wao wawili kabla ya Jumanne, kwa sababu wakubwa wa kampuni moja wakivutana mbele ya wageni, kila mmoja hushikilia lake. Walikuja wameshakubaliana: mizani kwanza, na malipo yatasoma uzito kutoka hapo.

Kwa hiyo saa moja na nusu tuliyojipa ilienda kwa karani. Aliushika ule mchoro akaonyesha kidole kwenye hatua ya pili: jioni malori yakipanga foleni na umeme ukakatika, anaandika uzito kwenye karatasi, anaunakili kwenye daftari baadaye. Mtengenezaji programu wetu akauliza ni karatasi ya namna gani, naye akaitoa mfukoni. Palepale tukakubaliana kwamba kifaa cha mizani lazima kifanye kazi bila mtandao na kwa betri, kisha kitume taarifa mawasiliano yakirudi.

Muhtasari niliutuma alasiri hiyohiyo: maamuzi matatu, jina la anayeidhinisha kila hatua, na tarehe ya sisi kwenda Moshi kukaa jioni nzima pembeni ya mizani.