Jinsi nilivyohakiki cheti cha ISO 22000 cha msambazaji wetu

Katika kiwanda cha juisi ninakofanya kazi ya ununuzi, hapa Dar es Salaam, kampuni moja iliomba kutuuzia rojo la maembe na kuambatanisha cheti cha ISO 22000:2018, kiwango cha mifumo ya usalama wa chakula, chenye nembo ya ISO kubwa juu kabisa. Nembo hiyo ndiyo iliyonitia shaka kwanza, kwa kuwa ISO, shirika la kimataifa la viwango, huandika viwango tu; haikagui kampuni wala haitoi vyeti, na hairuhusu nembo yake itumike hivyo. Vyeti hutolewa na taasisi za ukaguzi, ambazo nazo hupewa ithibati na vyombo kama KENAS ya Kenya au SADCAS, inayohudumia Tanzania na nchi nyingine za SADC.

Sikupiga simu kwa namba iliyochapishwa chini ya cheti, maana anayeghushi cheti hashindwi kughushi na namba ya kuthibitishia. Kwa vile cheti kilitaja ithibati ya KENAS, niliitafuta taasisi iliyotoa cheti katika orodha ya KENAS yenyewe, nikahakikisha kuwa ithibati yake inagusa usalama wa chakula, kisha nikachukua humo anwani ya kuwasiliana nayo. Nilitafuta pia jina la kampuni kwenye IAF CertSearch, hifadhidata ya kimataifa ya vyeti, nisilione, ingawa hilo peke yake halithibitishi kwamba cheti ni bandia.

Katika barua pepe sikuuliza kama cheti ni halali, kwani swali la namna hiyo hujibiwa kwa "ndiyo" isiyosaidia kitu. Niliambatanisha nakala na kuomba waniandikie, kama ilivyo katika kumbukumbu zao siku hiyo, hali ya cheti namba hiyo, anwani ya eneo lililokaguliwa na wigo wa cheti, yaani shughuli kinazozihusu. Kiwango cha ISO/IEC 17021-1 kinazitaka taasisi za ukaguzi kumpa yeyote anayeomba hali ya cheti, wigo wake, na angalau mji na nchi ya eneo husika, kwa hiyo sikuwa ninaomba hisani.

Jibu lilikuja kwa maandishi: cheti ni chao, kiko hai, na jina la kampuni ni sahihi, lakini wigo ni "uhifadhi na usambazaji wa vyakula vilivyofungashwa", na eneo ni ghala lao la mjini. Nakala niliyopewa ilisomeka "usindikaji wa matunda". Karakana ya kusindika maembe, iliyoko kwenye anwani nyingine kabisa, haikuwahi kukaguliwa.

Niliipelekea kampuni hiyo barua ile pamoja na nakala yao, nikaomba maelezo ya tofauti ya wigo. Hawakujibu, na ombi lao tulilifunga. Kwa wasambazaji tulionao, sasa ninarudia ulizo hilo kila mwaka badala ya kungoja miaka 3 ya cheti iishe, kwa sababu ukaguzi wa ufuatiliaji hufanyika kila mwaka na cheti kinaweza kusimamishwa katikati huku karatasi ikiendelea kuning'inia ukutani.