Shilingi 15,000 Zisizo na Risiti

Mwaka 2016 nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu mjini Morogoro. Usiku wa kuamkia kikao cha kuvunja kamati nilikaa mezani na kaunta buku, bahasha ya risiti na simu iliyojaa ujumbe wa michango, nikidhani kufunga hesabu kungenichukua saa moja.

Mwenyekiti alikuwa ameniagiza nianze taarifa na ahadi, kwa kuwa zilifika shilingi 11,400,000 na zilipendeza masikioni. Nilimjibu kwa heshima kwamba ahadi haijawahi kumlipa mpishi, nikaziweka kwenye ukurasa wake na kuanza na fedha zilizotufikia hasa: 9,850,000, nyingi kwa simu na nyingine taslimu. Matumizi yenye risiti au saini ya mpokeaji yalikuwa 9,694,000, yakiwamo makato ya kutolea pesa kwenye simu, 64,000, ambayo kamati nyingi husahau kuyaandika kisha zikaanza kutazamana kwa mashaka. Salio lilipaswa kuwa 156,000. Nilihesabu noti mara tatu, na mara zote tatu zilikuwa 101,000.

Nilirudia matumizi mstari kwa mstari hadi nikafika kwenye vinywaji. Risiti ya stoo ilikuwa sahihi, lakini ilihusu vinywaji peke yake. Soda na bia zetu zilikuja katika chupa za kioo, na mwenye stoo hukuazima chupa na kreti; zisizorudi unazilipa. Nilimpigia kijana aliyerudisha kreti Jumapili asubuhi, naye akashangaa swali lenyewe: "Kaka, si ulinipa elfu arobaini palepale getini, chupa zilipopungua?" Nilikumbuka mara moja. Kikaratasi cha karani wa stoo kilikuwa bado kwenye gari, naye akaniletea asubuhi yake. Matumizi yakawa 9,734,000, na salio la daftari likawa 116,000. Bado zilipungua 15,000, na hizo sikuzipata hadi leo.

Shangazi, aliyekuwa amesimamia chakula, alinihurumia. "Ziweke kwenye mengineyo, mwanangu. Nani atauliza elfu kumi na tano?" Ni kweli kwamba hakuna ambaye angeuliza, maana neno hilo limezika mengi katika taarifa za kamati zetu. Nilifikiria pia kuzitoa mfukoni kimyakimya ili noti zilingane na daftari, lakini kwa njia hiyo salio lingekuwa kweli na taarifa ingekuwa uongo, kwa sababu wachangiaji wasingejua kamwe kwamba fedha zao zilipungua mikononi mwangu. Niliandika mstari unaojitegemea: "Upungufu usio na maelezo, 15,000; mweka hazina atalipa."

Kwenye kikao niligawa nakala na kuusoma mstari huo kwa sauti ileile niliyosomea ukumbi na mapambo. Kimya kilipita, kisha mtu akasema hizo huenda zilikuwa nauli zangu za bodaboda, watu wakacheka, nami nikaendelea na orodha ya waliokuwa hawajakamilisha ahadi, jumla 1,600,000. Orodha hiyo niliiona kuwa kazi yangu safi kuliko zote.

Mzee mmoja, fundi seremala na jirani wa familia, alisimama akiwa ameshika nakala yake. "Mwanangu, umenisoma kati ya wadaiwa. Mimi nililipa elfu hamsini." Alinipa simu yake, na ujumbe wa malipo ulikuwapo, wenye namba yangu na tarehe. Nilipofuata tarehe hiyo kwenye kaunta buku nilizikuta 50,000 zake chini ya jina la mwanamke ambaye hakuna aliyemfahamu, nami nilikuwa nimemwingiza kati ya waliochanga bila kuahidi. Laini ya mzee ilisajiliwa kwa jina la mkwewe, na ujumbe ulioingia kwangu ulibeba jina la usajili. Fedha tulizopokea hazikubadilika hata senti. Kilichobadilika ni kwamba madeni yalishuka hadi 1,550,000, na kwamba mtu aliyelipa mapema alikuwa amesomwa mbele ya majirani kama mdaiwa. Upungufu wa 15,000 ulinisumbua usiku mmoja. Hili lilinikaa zaidi, maana ningempigia kila mdaiwa kabla ya kusoma jina lake, kosa lingegundulika bila mtu kuaibika.

Nilimwomba radhi hapohapo, kisha nikawaomba wote warekebishe nakala zao kwa kalamu. Mzee alirekebisha yake polepole, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati. Kikao kilipokubaliana salio likabidhiwe maharusi, nilitoa 15,000 juu ya meza, katibu akazihesabu pamoja na nyingine hadi zikatimia 116,000, akaniandikia risiti nami nikaitia kwenye bahasha, juu ya kikaratasi cha stoo.