Siku moja maishani mwangu: mafungu mawili ya binti wa Jinja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Natoka Kibuli kwa boda kabla jamu ya Kampala haijaanza. Ripoti niliyoingoja wiki tatu ilifika usiku, lakini sikutaka kuifungua nikiwa nyumbani. Mimi ni nesi mratibu. Nawashughulikia wagonjwa wanaohitaji kupandikizwa uboho nje ya nchi: nachukua damu zao na za ndugu zao, naandikiana na hospitali ya India itakayowapokea, kisha nakaa na familia kuwaeleza majibu.

Saa moja na robo. Nafungua ripoti ya vipimo vya mtu aliyeweza kuwa mchangiaji. Mgonjwa ni binti wa miaka 19, ana saratani ya damu. Dawa zimeisukuma saratani chini, lakini inaweza kurudi, kwa hiyo lazima apandikizwe sasa ikiwa bado imelala. Mama yake ni Msoga wa Iganga, baba yake ni Mgujarati aliyezaliwa Jinja. Aina yake ya tishu inasomeka hivi:

```
A*30:01  C*17:01  B*42:01  DRB1*03:02
A*33:03  C*07:06  B*44:03  DRB1*07:01
```

Hizi ni alama zinazokaa juu ya seli, na kinga ya mwili huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni. Jeni zake zimekaribiana sana kwenye kromosomu ya 6, ndiyo maana mtoto huzirithi kwa fungu zima, moja la mama na moja la baba. Hapo juu nimeweza kuzipanga mistari miwili kwa sababu tuliwapima wazazi: fungu la kwanza liko kwa mama, la pili kwa baba. Alama ni nane, na kwa mchangiaji asiye ndugu tunatafuta zote nane zilingane.

Saa mbili na nusu. Mjomba wa binti ameshafika, amekaa kwenye benchi na kadi yake ya kundi la damu mkononi. "Sista, mimi na yeye wote ni O. Nitoeni huo uboho leo hii." Namshukuru kwa moyo wake, kisha namweleza kwamba kundi O ni habari ya chembe nyekundu. Watu wawili wa O wanaweza kupishana alama zote nane. Na hata makundi ya damu yakitofautiana, uboho unaweza kupandikizwa, na kundi la mgonjwa hugeuka polepole kuwa la mchangiaji. Mjomba anatikisa kichwa kwa muda mrefu. Ndugu wa upande wa mama hata wakija hamsini, fungu la Kigujarati hawana. Wa upande wa baba nao hawana lile la Kisoga.

Saa nne. Baba na mama wanaingia. Ndugu wa tumbo moja naye wana nafasi ya robo tu ya kulingana naye kikamilifu, kwa kuwa kila mzazi ana mafungu mawili na humpa mtoto moja. Binti ana kaka mmoja. Kaka amepata fungu lilelile la baba, ila kwa mama amepata lile jingine. Ni nusu.

Baba anauliza swali ambalo ningeuliza mimi: "Sista, duniani wamejiandikisha kuchangia uboho watu zaidi ya milioni 40. Hata mmoja hayupo?"

Nachukua karatasi. Tuchukulie kwamba fungu la mama linapatikana kwa kromosomu moja katika kila 100 za Waafrika, na la baba moja katika kila 100 za Wahindi. Mgonjwa ambaye mafungu yake yote mawili ni ya Kihindi na yana wingi huo angempata wa kulingana naye kwa kila Wahindi 5,000 hivi: moja ya mia mara moja ya mia, mara mbili, kwa sababu fungu lolote laweza kutoka kwa mama au kwa baba. Rejista ya watu laki moja ingemtolea watu 20. Sasa kwa binti huyu, Wahindi laki moja hao wamejaa fungu la baba yake, lakini pembeni yake kuna fungu jingine la Kihindi. Rejista ya Waafrika ni hivyohivyo kwa upande wa mama. Mafungu yote mawili yanakutana ndani ya mtu mmoja pale tu mzazi mmoja ni wa huku na mwingine wa kule, na hata kati ya watoto wa namna hiyo angepatikana mmoja katika 10,000. Kuwasajili Wahindi wengi zaidi hakumsogezi karibu.

Mama anaitazama karatasi. "Kwa hiyo anayemfaa ni mtoto wa nyumba kama yetu."

"Ndiyo, mama."

Upande wa Afrika una ugumu wake hata bila mchanganyiko. Watu wa bara hili wana mafungu ya aina nyingi kuliko wengine, na waliosajiliwa ni wachache. Utafiti wa rejista ya Marekani uliotoka 2014 ulionyesha kwamba Mzungu ana nafasi ya asilimia 75 ya kumpata mchangiaji bora, na kundi lililokuwa na nafasi ndogo kuliko yote, la watu weusi wenye asili ya Amerika Kusini na ya Kati, asilimia 16.

Saa sita. Nawaeleza kuhusu yule mmoja. Utafutaji ulileta mtu ambaye kwenye skrini alionekana kama zawadi:

```
A*30:XX A*33:XX  B*42:XX B*44:XX  DRB1*03:XX DRB1*07:XX
```

Alipimwa zamani. XX maana yake tunajua familia ya alama, hatujui ni yupi ndani ya familia hiyo, na C hakupimwa kabisa. Programu ya kutafuta hujaza mapengo kwa kukisia kutokana na mafungu yaliyozoeleka katika asili aliyojiandikia mtu, nayo ilimpa nafasi ndogo. Tuliomba apimwe upya hata hivyo. Ndiyo ripoti ya usiku: B*44:03 anayo kweli, lakini kwake imekuja na C*04:01, mmoja wa wenzake wa kawaida kwa watu wa Afrika na Ulaya, wakati ya binti imekuja na C*07:06 kutoka upande wa India. DRB1*03 yake nayo ni 03:01, si 03:02. Sita kati ya nane. Tofauti mbili kwa mtu asiye ndugu ni hatari kubwa: seli zake zingeweza kushambulia ngozi, ini na utumbo wa binti.

Saa nane. Simu na daktari wa India. Tunakubaliana juu ya kaka. Ndugu anayelingana nusu sasa hutumika, kwa sababu siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikiza mgonjwa hupewa siklofosfamaidi, dawa inayoua zile seli za mchangiaji zilizoamka kumshambulia na kuziacha seli mama za damu zikiwa salama. Mama naye ni nusu, ila kaka ni kijana wa miaka 22, na seli za mwanamke aliyewahi kuzaa huleta mashambulizi zaidi.

Limebaki jambo moja. Binti ameongezewa damu na chembe sahani mara nyingi, na kila chupa ilikuja na alama za watu wengine. Huenda mwili wake umeshatengeneza kingamwili dhidi ya lile fungu la kaka ambalo binti hana. Zikiwepo kwa wingi, uboho wa kaka utakataliwa kabla haujashika.

Saa tisa na nusu. Namtoa binti damu, chupa ya kifuniko chekundu. Ananiuliza kama kaka ataumia. Namwambia atadungwa sindano za kuchochea seli kwa siku kadhaa, mifupa itamuuma kama ya mtu mwenye malaria, kisha itapoa. Anacheka kidogo: "Malaria anaijua."

Saa kumi na moja. Sanduku limefungwa na dereva ameondoka kuelekea Entebbe. Majibu ya kingamwili wiki ijayo.