Siku moja wodini Bukavu: kukimbizana na saa 4 asubuhi

Saa 1:30 asubuhi. Mama wa kilo 50 anafikishwa na shemeji yake. Jino lilimkosesha usingizi, na saa 8 usiku akameza plaketi mbili kwa mpigo: vidonge 20 vya parasetamoli vya miligramu 500, yaani gramu 10. Ni miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake, na kuanzia 150 tunatibu. Ana kichefuchefu tu.

Saa 2. Mwanafunzi wa uuguzi anauliza, "Dokta, mbona anaonekana mzima?" Kwa sababu ini bado linajitetea. Sehemu kubwa ya parasetamoli ini huiunganisha na salfati au asidi ya glukuroni, kisha inatoka kwa mkojo. Sehemu ndogo hugeuka NAPQI, sumu kali, na glutathioni, kinga iliyomo ndani ya seli, huidaka palepale. Dozi ikizidi, njia ya salfati inajaa, NAPQI inaongezeka, akiba ya glutathioni inakauka. Ikishuka chini ya theluthi moja hivi, NAPQI inajibandika kwenye protini za seli za ini zenyewe, na seli zinakufa.

Kumpa glutathioni yenyewe hakusaidii sana, maana haiingii kwa urahisi ndani ya seli. Dawa ya asetilisisteini inaingia, inatoa sisteini, na sisteini ndiyo malighafi inayopungua ini linapotengeneza glutathioni mpya. Ikianza ndani ya saa nane tangu kumeza vidonge, karibu kila ini linapona. Kwake mwisho ni saa 4 asubuhi.

Saa 2:30. Ya kutundika kwenye serumu hakuna. Shemeji anatumwa famasi kuleta ile ya kulainisha makohozi, vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 600. Ni dawa ileile.

Saa 3. Dozi ya kwanza ni miligramu 140 kwa kilo: gramu 7, basi vidonge 12 kwenye mililita 150 za maji na juisi. Kikombe kinanuka yai bovu. Tunakifunika, anavuta kwa mrija, baada ya dawa ya kuzuia kutapika. Kipimo cha damu cha ALAT, kimeng'enya kinachovuja seli za ini zikiumia, kimerudi cha kawaida, na hapo ndipo wengi hukosea kumruhusu mgonjwa: kwa kawaida hupanda baada ya saa 24.

Saa 7 mchana. Sasa ni miligramu 70 kwa kilo, vidonge 6. Nusu saa baadaye anatapika. Akitapika kabla ya saa moja kuisha, dozi inarudiwa nzima. Tunarudia, polepole, na inakaa.

Saa 11 jioni. Vidonge 6 vingine, bila shida.

Saa 12. Makabidhiano. Kila saa nne hadi zitimie dozi 17 ndogo: zimebaki 15, vidonge 90, na shemeji ameleta 40. Kesho asubuhi ALAT na muda wa damu kuganda. Anayefuata atamwamsha saa 3 usiku.