Matokeo ya Nani?

Aya yenyewe ilikuwa na sentensi nne tu. Ilifika mezani kwangu Januari 2019, zikiwa zimebaki siku tatu taarifa ya nusu mwaka iende kwa mfadhili. Mradi ulikuwa wa kuhifadhi mahindi katika vijiji kadhaa vya mkoa wa Dodoma, na aya ilikaa chini ya kichwa kidogo kilichoandikwa “Matokeo”:

“Mradi umepata mafanikio makubwa katika kipindi hiki. Wakulima 1,140 wamejengewa uwezo kuhusu uhifadhi bora wa nafaka, sawa na asilimia 95 ya lengo. Jumla ya mifuko 3,420 isiyopitisha hewa imesambazwa. Kutokana na jitihada hizo, upotevu wa mahindi umepungua na kipato cha kaya kimeongezeka.”

Ukiisoma haraka huoni kasoro. Nami kazi yangu ilikuwa ufuatiliaji na tathmini, kwa hiyo nilipigia mstari vitenzi peke yake. Wamejengewa. Imesambazwa. Vyote viwili ni vya kutendwa, na anayetenda hakutajwa, ila anajulikana: ni sisi. Sisi ndio tuliofundisha, sisi ndio tuliogawa. Kisha aya inaruka moja kwa moja hadi “umepungua” na “kimeongezeka”, vitenzi ambavyo havina mtendaji wala tarakimu. Kati ya mfuko kutoka stoo yetu na mahindi kupona nyumbani kwa mkulima kuna mtu anayepaswa kufanya jambo fulani, na mtu huyo hayumo kabisa kwenye aya.

Aliyeiandika alikuwa afisa ugani wa siku nyingi, mtu wa shamba hasa, na hakufurahia mistari yangu.

“Sasa dada, kosa liko wapi? Watu wamefundishwa, mifuko wameipata. Hayo siyo matokeo?”

“Ni matokeo ya nani, kaka? Hayo tumefanya sisi. Wao wamefanya nini?”

Sehemu ya tatizo ni lugha yetu yenyewe. Kiingereza cha wafadhili kina maneno mawili tofauti hapa, “output” na “outcome”, nasi tunayamimina yote ndani ya “matokeo”. Kwenye bangokitita la mradi ule, yaani jedwali la malengo na vipimo vyake, mtu alijaribu kuyatenganisha kwa kuandika “mazao” upande mmoja na “matokeo” upande wa pili. Katika mradi wa mahindi! Kila aliyesoma safu ya “mazao” alidhani ni magunia. Mimi nilifuta vichwa vyote viwili kwenye rasimu nikaandika “Tulichotoa” na “Kilichobadilika kwa wakulima”. Si maneno ya kitaalamu, lakini hakuna aliyeuliza tena sentensi ipi ikae wapi.

Na “kujengewa uwezo” nililikataa moja kwa moja. Lina sura ya badiliko ndani ya mtu, ila ukilifuata hadi kwenye ushahidi wake unakuta karatasi ya mahudhurio. Kuhudhuria nako kunadanganya, maana “wakulima wamehudhuria” kitenzi chake ni cha mkulima mwenyewe, kwa hiyo kipimo changu cha kutenda na kutendwa hakitoshi. Niliongeza swali la pili: tukifanya kila kitu sawasawa, kuanzia ukumbi, mwalimu hadi mifuko, je, jambo hili bado linaweza lisitokee? Mahudhurio ya mafunzo ambayo watu wanatoka na mifuko ya bure hayawezi kukosekana. Hayo yanabaki upande wetu. Kufunga mfuko nyumbani, baada ya mavuno, bila mtu wa mradi kusimama pembeni, kunaweza kabisa kusitokee.

Ndiyo maana kufunga kukawa ndiyo kiini cha aya mpya. Mifuko ile ni ya aina iitwayo PICS: miwili ya plastiki ndani, wa nje wa kufumwa kama kiroba cha kawaida. Dumuzi na wadudu wenzake wanakufa kwa kukosa hewa, hawafi kwa dawa. Mkulima anatakiwa ajaze mfuko wa ndani kabisa, autoe hewa, asokote shingo yake na kuifunga, halafu afanye hivyo hivyo kwa wa pili, kisha wa nje. Akifunga wa nje peke yake, ana kiroba cha kawaida chenye plastiki ndani. Akiufungua kila wiki kuchota, hewa inaingia kila wiki. Na mahindi yakiingia mabichi yanaota ukungu humo humo. Ndiyo sababu tulifundisha kile kipimo cha chumvi: punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa unarudisha mahindi juani.

Kabla ya kutafuta kilichobadilika ilibidi nihakikishe tulichotoa, na hapo 1,140 ikaanguka. Hiyo ilikuwa hesabu ya sahihi za mahudhurio. Mafunzo yalifanyika kati ya Machi na Mei kwa awamu mbili, na wapo waliohudhuria zote mbili, wakahesabiwa mara mbili. Nilishtuka nilipoona mifuko 3,420 ni 1,140 mara tatu kamili, bila hata mfuko mmoja kuzidi au kupungua. Mifuko iliyohesabiwa kweli haigawanyiki vizuri namna hiyo, kuna iliyochanika, kuna iliyobaki. Nikamfuata mzee wa stoo anionyeshe leja. Iliyotoka ilikuwa 2,958, nayo, kwa bahati, iligawanyika kwa tatu kwa sababu nyepesi: pale stoo kila mkulima alipewa mitatu kwa jina, mara moja tu. Ukigawa unapata watu 986. Nikalinganisha na majina ya rejista baada ya kuondoa yaliyojirudia: 986. Asilimia 95 ya lengo la watu 1,200 ikawa 82.

Hapo ndipo nilipofungua faili la Desemba. Siku ya kwanza ya mafunzo tulichagua kaya 240 kwa bahati nasibu kutoka kwenye rejista, tukaziuliza zilivyohifadhi msimu uliotangulia. Desemba, miezi sita baada ya mavuno, tulizirudia zilezile na kuzipata 228. Takwimu zilikuwepo muda wote. Hazikuingia kwenye aya kwa sababu mwandishi alitazama swali la kwanza la dodoso, “Je, unayo mifuko ya kuhifadhia?”, akakuta 221 wamejibu ndiyo, akaona halina jipya. Na kweli halikuwa na jipya. Lilikuwa linahesabu kwa mara ya pili mifuko tuliyoigawa wenyewe, safari hii nyumbani badala ya stoo. Laiti lingeingia, tungeandika “asilimia 97 ya kaya zina mifuko” na kuiita badiliko.

La maana lilikuwa swali la saba, ambalo halikuwa swali bali maelekezo kwa mdodosaji: omba kuona mahindi. Gusa shingo ya kila mfuko. Andika kama plastiki zote mbili zimefungwa, moja, au hakuna. Kagua plastiki kama ina matundu. Katika kaya 137 mdodosaji alikuta walau mfuko mmoja wenye mahindi, zote mbili zimefungwa. Hiyo ni asilimia 60 ya 228. Msimu uliotangulia, kaya zilizosema zilitumia mifuko ya aina hiyo zilikuwa 22 kati ya 240, yaani asilimia 9. Tarakimu hizi mbili hazikukusanywa kwa njia moja, ya mwanzo ni maneno ya mkulima na ya mwisho ni macho ya mdodosaji, nikaona hilo lisemwe wazi.

Zilizobaki 91 sikuziacha zikae kama rundo moja. Kaya 29 zilikuwa na mahindi ndani ya mifuko lakini plastiki hazikufungwa zote. Kaya 14 plastiki zilikuwa na matundu. Kaya 48 hazikuwa na mahindi kabisa, yalikwishauzwa au kuliwa kabla ya Desemba. Hilo la mwisho si kosa la kufunga wala la mfuko. Mtu anayeuza Julai kwa sababu ana deni la pembejeo hahitaji mafunzo ya pili ya kuhifadhi, na ukimchanganya na yule asiyejua kusokota shingo ya plastiki utampelekea msaada usiomhusu.

Aya ikawa hivi:

“Kati ya Machi na Mei 2018 mradi uliwafundisha wakulima 986 kukausha na kuhifadhi mahindi, dhidi ya lengo la 1,200, na kuwapa mifuko 2,958, mitatu kila mmoja. Desemba tulitembelea kaya 228 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwao. Kaya 137 (asilimia 60) zilikuwa zikihifadhi mahindi katika walau mfuko mmoja uliofungwa ipasavyo, kwa ukaguzi wa macho. Kabla ya mafunzo, kaya 22 kati ya 240 (asilimia 9) zilisema zilitumia mifuko ya aina hiyo. Kati ya kaya 91 zilizosalia, 29 hazikufunga plastiki zote, 14 zilikuwa na mifuko yenye matundu, na 48 hazikuwa na mahindi tena. Kiasi cha mahindi kilichoharibika na kipato cha kaya havikupimwa katika kipindi hiki.”

Mratibu aliisoma akasimama kwenye sentensi ya mwisho. Kipato alikitaka, kilikuwa kwenye andiko la mradi. Nikamwomba aniambie kilitoka wapi. Kilitoka kwenye mkutano wa kijiji, wazee wawili walisema wameuza vizuri. Bei ya mahindi hubadilika kwa mambo mengi yasiyo yetu, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ananunua kiasi gani, mpaka uko wazi au umefungwa, mvua ya vuli na masika imekuwaje. Wazee wale wangeweza kuuza vizuri hata kama mradi usingekuwepo. Na upotevu tungeweza kuupima, kwa kuchota sampuli za punje na kuhesabu zilizotobolewa, ila hatukufanya.

“Na hii sitini? Tulikuwa na tisini na tano.”

“Ile ilikuwa asilimia ya lengo letu, bosi. Hii ni ya kaya. Haziwekwi kwenye mzani mmoja.”

Alinyamaza kidogo, akabadilisha “havikupimwa” kuwa “vitapimwa robo ijayo”, nami nikamrudishia “havikupimwa” na kuiacha ahadi yake ifuate baada ya nukta. Tukatuma.

Kutoka kwa mfadhili lilirudi swali moja tu, nalo lilihusu zile kaya 48: ziliuza mwezi gani, na kwa nini? Hatukuwa tumeuliza. Dodoso la msimu uliofuata likapata swali la nane.