Barua ya ofa haikusema tuliyokubaliana kwenye simu

Barua ya ofa ilifika Jumatano jioni, nikaisoma nikiwa kwenye matatu ya Donholm. Mshahara: shilingi 120,000 kwa mwezi. Nambari niliitambua, lakini sentensi iliyoifuata ndiyo iliyonishtua: kiasi hicho ni jumla, posho ya nyumba ikiwemo ndani. Kwenye simu niliambiwa 120,000 ni mshahara wa msingi, na nyumba ni 18,000 juu yake. Cheo nacho kilikuwa kimeshuka. Tulizungumzia Meneja wa Ununuzi. Barua ilisema Afisa Mwandamizi wa Ununuzi.

Ukiitazama kwa haraka hiyo 120,000, unaweza kudhani mambo yako sawa. Ndiyo maana tofauti ya aina hii huwapita wengi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri akupe nyumba au pesa za kodi ya kutosha, lakini inamruhusu kuiingiza kodi hiyo ndani ya mshahara iwapo mkataba umesema hivyo. Kwa hiyo barua haikuvunja sheria yoyote. Ilikuwa tu ofa nyingine. Nilipiga hesabu ya kodi ya mapato, bima ya afya na tozo ya nyumba, nikaona hizo 18,000 zingeniachia kama 12,000 mkononi kila mwezi. Kwangu hiyo ni karo.

Ukurasa wa mwisho ulinitia hofu zaidi. Kulikuwa na aya inayosema barua hii ndiyo makubaliano yote kati yetu, na inachukua nafasi ya mazungumzo yote ya awali, ya mdomo au ya maandishi. Aya hiyo imo katika barua nyingi za ajira, na watu huiruka. Maana yake ni kwamba ningetia sahihi kwanza nikidhani nitaulizia posho baadaye, ile simu isingenisaidia tena.

Sikutia sahihi, na kazini kwangu sikupeleka notisi. Siku ile ya simu nilikuwa nimemwandikia mama wa rasilimali watu barua pepe fupi ya shukrani, nikarudia humo cheo, mshahara na posho, naye akajibu, “Sawa kabisa, barua inaandaliwa.” Alhamisi asubuhi niliandika chini ya ujumbe uleule:

“Habari za asubuhi, Madam. Nimepokea barua na nafurahia kujiunga nanyi. Kabla sijatia sahihi, naona mambo mawili yanatofautiana na tuliyokubaliana hapa chini. Posho ya nyumba ya 18,000 imeingizwa ndani ya 120,000 badala ya kuwa juu yake, na cheo kimeandikwa Afisa Mwandamizi badala ya Meneja. Naomba barua iliyorekebishwa, au maelezo kama kuna kilichobadilika.”

Sikumlaumu mtu. Huenda karani alitumia barua ya mtu mwingine kama kielelezo, huenda mkuu wa fedha alikata bajeti. Mimi sikujua, na ombi langu lilikuwa lilelile kwa vyovyote.

Alinipigia kabla ya chakula cha mchana. “Dada, wewe weka sahihi tu, hayo tutayaweka sawa ukimaliza miezi sita ya majaribio.” Nilimjibu, “Nashukuru, Madam. Basi naomba hilo liandikwe ndani ya barua, pamoja na kiasi na tarehe.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema atazungumza na mkurugenzi. Naamini hana nia mbaya. Lakini baada ya miezi sita anaweza kuwa amehama, na atakayemrithi atasoma faili, ambalo halina simu yetu.

Barua mpya imekuja leo. Pesa zimeandikwa kwa mistari miwili: msingi 120,000, nyumba 18,000. Cheo hakijabadilika. Wameeleza kwamba katika ngazi zao meneja lazima awe na watu chini yake, na kwa sasa idara ina mtu mmoja tu, ambaye ni mimi. Niliuliza daraja la bima ya matibabu na nitaripoti kwa nani, kwa sababu hapo ndipo cheo hugusa maisha. Nitaripoti moja kwa moja kwa mkurugenzi wa shughuli, na bima ni ya daraja la mameneja. Niliomba yote mawili yaingizwe kwenye barua, pamoja na sentensi kwamba cheo kitaangaliwa upya idara ikiajiri mtu wa pili. Wamekubali.

Ningependa cheo kile, sitaficha. Kwenye wasifu kingenisaidia nikitafuta kazi nyingine. Lakini sababu waliyonipa naielewa, na pesa ziko kwenye karatasi. Nimetia sahihi kila ukurasa, nikabaki na nakala yenye sahihi yao pia, na notisi ya mwezi mmoja nitaipeleka Jumatatu.