Picha ya joho mbele ya Ngome ya Lamu

Binti katika picha hakuwa na kasoro. Amesimama wima mbele ya Ngome ya Lamu, joho jeusi limemkaa sawa, mkono mmoja kiunoni, kishada cha kofia kimeangukia upande wa kushoto. Tatizo lilikuwa nyuma yake, maana uwanja wa Mkunguni hauna saa ya kupumzika. Kushoto alikuwepo punda aliyebeba mifuko ya mchanga. Kwenye ngazi za Ngome ameketi kijana wa jezi nyekundu, na kwa bahati mbaya kichwa na bega lake vilionekana ndani ya lile pengo baina ya kiwiko cha binti na kiuno chake. Waya wa umeme ulipita juu ukagusa pembe ya kofia. Kulia, chini ya mti, mzee wa kanzu nyeupe ameketi barazani.

Mpiga picha aliniletea kazi ile studio pamoja na mamake binti. Mama aliitazama kwenye kioo, akasema, "Baba, mato yangu yaenda kwa punda kwanza, kisha kwa ile jezi. Mwanangu namuona mwisho."

Alikuwa ametaja mpangilio wenyewe wa kazi. Jicho hukimbilia rangi kali, weupe mkali, nyuso na mistari inayogusa kichwa cha mhusika, na vitu hivyo ndivyo vya kuondoa kabla ya vingine. Lakini kabla sijagusa chochote nilimuuliza, "Na huyu mzee, mama?"

"Huyo ni ami yake. Mwache papo hapo."

Swali hilo huliuliza kila mara. Mtu anayeonekana kuwa mpita njia mara nyingi ni jamaa aliyekuja kushuhudia, na ukimfuta unaharibu kumbukumbu ya familia.

Njia ya haraka ingekuwa kuikata picha upande wa kushoto ili punda atoke. Nilipiga hesabu kwanza. Picha ilikuwa na pikseli 4000 kwa 6000, na fremu waliyonunua ni ya inchi 12 kwa 18, yaani uwiano ule ule wa 2 kwa 3. Kuondoa punda kwa kukata kungepunguza upana hadi pikseli 3000, na ili uwiano ubaki, urefu ungeshuka hadi 4500. Pikseli zingetosha bado kuchapa, maana hiyo ni pikseli 250 kwa inchi, lakini binti alijaza picha toka kofia hadi viatu. Kukata robo ya urefu kungemkata miguu. Basi punda akabaki kuwa kazi ya brashi.

Kwa kijana wa jezi nilimwomba mpiga picha mafaili yote ya asubuhi ile, hata yale aliyoyaona mabovu. Hapa ndipo kazi huwa nyepesi au ngumu. Ngazi za kweli zilizopigwa kwa kamera ile ile, dakika ile ile, zinashinda ngazi zozote utakazozibuni kwa kunakili vipande. Katika faili moja binti bado anaweka kofia sawa, amefumba macho, na kijana hajaketi. Ngazi ziko wazi kabisa.

Nilifungua picha zote mbili kwenye Photoshop kama matabaka mawili, nzuri chini, ya ngazi tupu juu. Tabaka la chini nililifunga kwa alama ya kufuli, kisha nikateua yote mawili na kutumia `Auto-Align Layers`. Kufuli lina sababu: tabaka lililofungwa ndilo linalokuwa kipimo, na ni lile la juu tu linalosogezwa. Bila hivyo programu inaweza kuuzungusha au kuupinda mwili wa binti ili kutafuta ulinganifu. Baada ya hapo nilibonyeza alama ya barakoa huku nimeshika `Alt`, barakoa ikawa nyeusi na tabaka la juu likafichika lote. Kila nilipopaka nyeupe, ngazi tupu zilijitokeza.

Zilijitokeza na tofauti mbili. Kwanza mwanga: wingu lilikuwa limepita, ngazi za faili la pili zikawa angavu zaidi. Sikuamini macho, nilisoma namba za nyekundu, kijani na buluu kwenye `Info`. Jiwe moja lilikuwa 168, 156, 138 kwenye picha nzuri, na jiwe lilo hilo 179, 168, 151 kwenye ile nyingine. Niliweka tabaka la `Curves` lililobanwa kwa tabaka la ngazi peke yake, nikashusha mpaka namba zikakutana. Pili, ukali: safari ile kamera ilishika fokasi kwenye mkono wa binti uliokuwa nyuma kidogo, kwa hiyo ngazi zilikuwa kali kuliko inavyotakiwa. `Gaussian Blur` ya pikseli 1.5 ilitosha. Ila ukungu wa namna hiyo huua chembe za picha, na sehemu isiyo na chembe hujulikana mara moja kwa ulaini wake. Nilizirudisha kwa `Add Noise` ya asilimia 1.5, `Gaussian`, `Monochromatic`, nikilinganisha na jiwe la jirani kwa ukubwa wa asilimia 100.

Sehemu iliyokula muda ni ukingo wa joho ndani ya pengo. Pale ambapo joho lilipakana na jezi, pikseli mbili tatu za mpakani zilikuwa mchanganyiko wa weusi na wekundu. Ukisimamisha barakoa hasa mpakani, kijana anaondoka lakini anaacha uzi mwekundu umezunguka mkono. Nilikuza picha hadi asilimia 200, nikachukua brashi ya pikseli 8 yenye `Hardness` ya asilimia 60, nikaingiza ngazi ndani ya joho kwa pikseli moja na nusu hivi. Hakuna anayeuona upungufu huo kwenye kitambaa. Ukali wa brashi uliufuata ukali wa joho lenyewe: ukitumia brashi laini sana ukingo unakuwa na ukungu, na ukitumia ngumu kabisa mkono unaonekana umekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Kisha kitambaa. Joho lile lilikuwa la nailoni inayong'aa, na upande wa ndani wa mkono ulikuwa umepokea wekundu wa jezi. Kijana akiondoka, wekundu ule unabaki bila mwenyewe. Niliongeza tabaka jipya tupu, nikaliweka kwenye hali ya `Color`, nikachukua rangi kutoka mkunjo safi wa joho, nikapaka kwa nguvu ya asilimia 40. Hali hiyo hubadilisha rangi peke yake na kuacha mwanga na kivuli cha mikunjo vilivyo.

Waya ulikwenda upesi kwenye ukuta na mbinguni: `Spot Healing Brush` pana kidogo kuliko waya, bonyeza mwanzo, shika `Shift`, bonyeza mwisho, mstari umefutika. Nilisimama pikseli kama kumi kabla ya kofia. Brashi hii huchanganya rangi ya kingo za eneo inaloponya, na ikigusa kofia nyeusi huivuta ndani ya ukuta ikaacha doa la moshi. Kipande kilichobaki nilikizungushia uteuzi unaoishia kwenye pembe ya kofia, nikamalizia kwa `Clone Stamp`, ambayo inanakili tu bila kuchanganya.

Punda hakuwa na picha ya pili, alisimama pale pale asubuhi nzima. Nilifanya kazi yake kwa `Clone Stamp` kwenye tabaka tupu, `Sample` ikiwa `Current & Below`, ili chochote kiweze kufutika bila kugusa picha ya asili. Kitu cha kwanza kurudishwa ni mstari ambapo ukuta wa Ngome unakutana na ardhi. Ukianza na ukuta halafu ukatafuta mstari baadaye, hautanyooka. Nilichukua sampuli juu ya mstari wenyewe kulia kwa punda, nikaiweka juu ya mstari ule ule kushoto kwake, nikavuta katikati. Mstari ulipokamilika ndipo nikapanda ukutani, kisha nikashuka chini.

Ukuta wa mawe ya matumbawe unasamehe sana, kwa sababu hakuna jiwe linalofanana na jingine. Usichokisamehe ni alama moja kurudiwa. Palikuwa na doa jeusi la unyevu, nami nikahakikisha halimo ndani ya sampuli, nikabadilisha mahali pa kuchukulia kila baada ya mipigo michache. Pia ukuta ulikuwa unafifia kuelekea kushoto, kwa hiyo nilichukua vipande kutoka juu na chini ya punda kuliko kulia kwake. Kipande cha kulia kingekuja na mwanga wa kulia.

Kivuli chake ndicho watu husahau. Kilitambaa ardhini mpaka karibu na pindo la joho na kuingiliana na kivuli cha binti. Nilifuta cha punda na kukiacha cha binti kizima, nikichora ukingo wake upya kwa kufuata pembe ya kivuli cha ngazi, maana jua ni moja. Binti asiye na kivuli angeonekana anaelea.

Ami alibaki, lakini kanzu yake nyeupe ilikuwa inashindana na uso wa binti. Hapo kufuta hakuhitajiki. `Curves` yenye barakoa ilishusha weupe wa kanzu kutoka karibu 245 hadi 205, akabaki mtu kamili, ila jicho linamfikia baada ya binti. Naona mambo mengi yanayofutwa kwenye picha za mahafali yangetosha kupunguzwa mwanga tu. Ukuta uliosafishwa kila kitu unafanana na pazia la studio, na hakuna sababu ya kupigia picha Mkunguni kama pazia linatosha.

Kabla ya kuchapa nilipindua picha kushoto kwenda kulia, kwa kuwa jicho lililozoea picha haliyaoni tena makosa yake. Kisha niliweka `Curves` ya muda, mwinuko mkali sana, na viraka viwili hafifu vikajitokeza angani pale waya ulipopita. Nilivilainisha, nikaliondoa tabaka hilo.

Mwisho nilichapa kipande cha inchi 4 kwa 6 kwenye karatasi ile ile, kwa ukubwa kamili, sehemu ya kiwiko na sehemu ya punda. Kioo cha kompyuta kina mwanga wake na huficha mambo ambayo karatasi huyaonyesha. Kwenye kipande hicho, mahali pa punda palipita, lakini ndani ya kiwiko palikuwa bado na waridi hafifu. Nilipaka tena kwenye lile tabaka la rangi mpaka waridi ikaisha, nikachapa picha nzima, na mama akapewa pia nakala ya simu yenye upande mrefu wa pikseli 2048, katika `sRGB`.